Kampuni imebadilika jina, imeunganishwa au imefungwa: kazi ya zamani uiandikeje kwenye CV?

Kuna CV inasema hivi: "Yas Tanzania, Mbeya, 2013–2017". Aliyeiandika hakukusudia kudanganya. Alifanya kazi Tigo, Tigo ikaja kuitwa Yas, naye akaona aandike jina ambalo watu wanalijua leo. Shida ni kwamba mtu yeyote anayepita Mwanjelwa anakumbuka mabango ya bluu ya Tigo yaliposhushwa, na ilikuwa Novemba 2024. Kwa hiyo anayesoma CV hiyo anaona mtu aliyefanya kazi Yas miaka saba kabla Yas haijakuwepo. Akifungua kiambatisho anakuta hati ya utumishi yenye jina la tatu kabisa, MIC Tanzania, maana hilo ndilo lililokuwa jina la kampuni kisheria na Tigo lilikuwa jina la sokoni tu. Baadaye kampuni hiyohiyo ikasajiliwa kwa jina la Honora Tanzania. Mwajiri mmoja, majina manne, na CV imetaja lile moja ambalo halipo kwenye karatasi hata moja ya mwombaji.

Kosa la namna hii limeenea kwa sababu swali ambalo watu hujiuliza ni "kampuni inaitwaje sasa?", wakati msomaji wa CV anahitaji majibu mawili kwa mpigo: barua zako zinasema nini, na leo akitaka kuuliza habari zako aulize wapi. Jina la zamani linajibu la kwanza na jina la sasa linajibu la pili. Ukiandika moja tu, unamwachia yeye kazi ya kuunganisha, na mwenye CV 200 mezani hana muda huo.

Kwanza jua kilichotokea

Kabla ya kugusa CV, tambua kampuni ilipatwa na nini. Yapo mambo matatu ambayo mtaani yanaitwa kwa neno moja, "kampuni imenunuliwa" au "imebadilika", lakini kwenye historia ya kazi hayafanani.

La kwanza ni kubadilika jina au mwenye hisa. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Wenye mali walibadilika na mabango yakabadilika, lakini kampuni iliyosajiliwa iliendelea kuwa ileile, na mikataba ya wafanyakazi iliendelea. Mufindi nako, Brooke Bond ya mashamba ya chai ilikuja kuitwa Unilever Tea Tanzania. Mtu aliyeajiriwa Celtel mwaka 2006 na kuondoka Airtel mwaka 2012 alikuwa na mwajiri mmoja. Akiandika kazi tatu, anaonekana mtu wa kuhamahama, miaka miwili hapa na miwili pale, na amejipunguzia miaka sita ya utulivu bila sababu.

La pili ni kampuni moja kumezwa na nyingine, au mali zake kununuliwa na kampuni tofauti. Hapa ndipo penye utata. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo ni mfano mzuri. Southern Paper Mills ilikuwa ya umma, uzalishaji ukasimama miaka ya 1990, na mwaka 2004 kiwanda kikaenda kwa mwekezaji binafsi akaanza upya kwa jina la Mufindi Paper Mills. Majengo ni yaleyale na mitambo ni ileile, lakini fundi aliyefanya kazi vipindi vyote viwili alikuwa na waajiri wawili, na katikati kuna miaka. Kuandika "Mufindi Paper Mills, 1989–2010" ni kudai miaka ambayo hata mashine hazikuwa zikizunguka.

La tatu ni kufungwa. Hakuna anayerithi jina wala mafaili, na hakuna mapokezi pa kupiga simu.

Usipojua lipi lilitokea, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, ndiyo inayotunza kumbukumbu za kampuni. Kampuni ikibadili jina hupewa cheti cha kubadili jina, na namba ya usajili haibadiliki. Namba ikiwa ileile, kampuni ni ileile hata kama bango, rangi na mkurugenzi ni wapya. Wako wanaokimbilia kwa wakili kula kiapo kwamba "kampuni A ndiyo kampuni B". Kiapo chako hakithibitishi jambo la kampuni ambayo si yako. Kumbukumbu ya msajili ndiyo inayothibitisha, na mara nyingi hata hiyo haitahitajika ukiwa umeandika majina yote mawili.

Kazi moja au mbili?

Kampuni zinapounganishwa, wafanyakazi wengi hukwama kwenye swali hili. Tanzania haina kifungu cha sheria kinachomhamisha mfanyakazi moja kwa moja, pamoja na miaka yake, kwenda kwa mnunuzi wa biashara. Kwa sababu hiyo kuna kampuni zinazolipa watu stahiki zao na kuwaajiri upya kesho yake, na kuna zinazosaini makubaliano ya kuwahamisha na utumishi wao. Watu wawili waliokaa kiti kimoja kabla na baada ya muungano wanaweza kuwa na historia mbili tofauti.

Jibu liko kwenye karatasi zako. Tafuta kama ulipewa barua ya kusitishiwa ajira na malipo ya kuachishwa, yale ambayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inayahesabu kwa mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili wa kazi, kwa ukomo wa miaka kumi. Ukilipwa hayo, ajira ya kwanza iliisha siku hiyo, hata kama kesho yake ulikaa mezani palepale. Kisha soma mkataba mpya. Kama una sentensi inayosema utumishi wako wa tangu mwaka fulani unatambuliwa, basi kuunganisha ni halali, kwa kuwa mwajiri mwenyewe ameunganisha. Kama mkataba mpya uko kimya, na siku zako za likizo na muda wa majaribio vilianza upya, hizo ni kazi mbili. Dalili nyingine iko kwenye taarifa ya michango ya hifadhi ya jamii: jina la mwajiri likibadilika na namba yake ya uanachama ikabadilika, ujue mlipaji mpya ameingia.

Zikiwa mbili, ziandike mbili, lakini usiziache zikielea kana kwamba uliacha kazi. Mstari mmoja chini ya ile ya kwanza unatosha: "Ajira ilimalizika benki ilipounganishwa na TPB Bank, niliajiriwa na benki mpya mwezi uliofuata." Sentensi hiyo inamwambia msomaji kwamba hukufukuzwa na kwamba mrithi alikuona unafaa kubaki. Hilo la pili ni sifa, na watu wengi huiacha bila kuitumia.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Tuchukue mfano wa afisa mikopo. Mtu mwenyewe ni wa kutunga, taasisi ni za kweli. Aliajiriwa Machi 2013 kama karani wa fedha Njombe Community Bank. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, na hiyo ya Njombe ilikuwamo, mfilisi akiwa Bodi ya Bima ya Amana. Mei 2018 akapata kazi TPB Bank, tawi la Mbeya, kama afisa mikopo. Februari 2020 akapandishwa kuwa afisa mikopo mwandamizi. Mwaka 2021 benki ikabadili jina kuwa Tanzania Commercial Bank. Novemba 2023 akaacha kazi.

CV yake ya kwanza aliiandika kwa haraka:

> Tanzania Commercial Bank, Mbeya. Afisa Mikopo Mwandamizi, 2018–2023
> Njombe Community Bank, Iringa. Karani wa Fedha, 2013–2018

Mistari miwili, na kila mmoja una tatizo. Barua yake ya kuajiriwa ya Mei 2018 ina nembo ya TPB, jina ambalo CV haikulitaja popote. Cheo cha "mwandamizi" amekirudisha nyuma mpaka 2018, ilhali barua ya kupandishwa ni ya 2020. Hapo ndipo mhakiki anapoanza kumtilia shaka, maana jina la benki linaeleweka lakini cheo kilichoongezwa miaka miwili kinaonekana cha makusudi. Kwa kuandika miaka bila miezi, amefanya Januari na Mei 2018 zionekane zimegusana. Mwenye salari slipu mkononi ataona miezi ambayo haikusemwa. Halafu "Iringa". Huenda aliizoea kwa sababu Njombe ilikuwa wilaya ya mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012, lakini yeye aliajiriwa 2013, mkoa wa Njombe ukiwa tayari umezaliwa.

Hii ndiyo iliyorekebishwa:

> Tanzania Commercial Bank (hadi 2021: TPB Bank), tawi la Mbeya
> Mei 2018 – Novemba 2023
> Afisa Mikopo Mwandamizi, Februari 2020 – Novemba 2023
> Afisa Mikopo, Mei 2018 – Januari 2020
>
> Njombe Community Bank, Njombe
> Karani wa Fedha, Machi 2013 – Januari 2018
> Benki ilifungwa na Benki Kuu ya Tanzania, Januari 2018

Angalia mpangilio wa majina. Benki ilibadili jina akiwa bado kazini, kwa hiyo jina la mwisho alilolitumikia linatangulia na la zamani linafuata kwenye mabano pamoja na mwaka. Angekuwa ameondoka 2019, kabla ya mabadiliko, mpangilio ungegeuka: "TPB Bank (sasa Tanzania Commercial Bank)". Jina la mbele ni lile lililokuwa mlangoni siku yako ya mwisho. Mwaka ni wa lazima kwa aliyeyapitia majina yote mawili, la sivyo msomaji hajui barua ipi itakuwa na nembo ipi.

Ukianza kuorodhesha majina yote, benki hiyo itakuchosha. Ilikuwa Benki ya Posta, ikawa TPB; mwaka 2018 ikameza Twiga Bancorp na Benki ya Wanawake, mwaka 2020 ikameza TIB Corporate, ndipo 2021 ikawa TCB. Afisa wetu hahitaji ukoo huo wote. Anaandika majina mawili yaliyo kwenye karatasi zake tu. Ila aliyeingia kutoka Benki ya Wanawake ana kitu cha ziada: jina "Benki ya Wanawake" lazima libaki kwenye CV yake kama mwajiri wa kwanza, kwa kuwa ilikuwa benki nyingine, si jina la zamani la TPB.

Kuhusu ile sentensi ya kufungwa, imeachwa fupi kwa makusudi. Jambo lilitangazwa na Benki Kuu na linafahamika, kwa hiyo halihitaji utetezi. Anayeongeza maelezo ya nani alikopa bila kulipa, au mkurugenzi yupi alikosea, anageuza mstari wa CV kuwa shauri la mahakamani. Tarehe ya mwisho nayo ina mtego: siku benki ilipofungwa si lazima iwe siku ajira yako ilipoisha. Mfilisi huweza kubakiza watu wachache kwa wiki au miezi kukabidhi vitabu. Tarehe yako ni ile iliyo kwenye barua ya kusitishiwa, na kama barua haikutoka, ni ya mshahara wa mwisho uliolipwa.

Wanapopiga simu na kuambiwa "hatumjui"

Jina likishakaa sawa, kinachofuata ni uhakiki, na hapa muungano huumiza watu ambao CV zao ni sahihi kabisa. Mwajiri mpya anapiga simu ofisi ya utumishi ya kampuni iliyorithi, anataja jina lako, anaambiwa halipo kwenye mfumo. Si ajabu. Mfumo wa mishahara uliohamishwa aghalabu hubeba waliokuwa kazini siku ya kuhamia. Walioondoka kabla wamebaki kwenye makabati, au hawapo kabisa. Sheria yenyewe inamtaka mwajiri atunze maelezo ya maandishi ya ajira yako kwa miaka mitano tu baada ya kuondoka. Aliyetoka Njombe Januari 2018, muda huo ulikwisha Januari 2023.

Njia ya kujikinga ni kuomba uthibitisho kabla hujauhitaji. Andikia ofisi ya utumishi barua ya ukurasa mmoja yenye jina la kampuni kama lilivyokuwa wakati wako, tawi, namba yako ya mfanyakazi, cheo, tarehe ya kuanza na kumaliza, ukiambatisha nakala ya barua ya ajira. Namba ya mfanyakazi ndiyo inayofungua faili. Iko juu ya salari slipu yoyote ya zamani. Waombe wakupe barua inayothibitisha kwamba ulikuwa mtumishi wa kampuni hiyo, ambayo sasa ni yao. Na kama uliondoka bila hati ya utumishi, idai: sheria hiyohiyo ya 2004 inamlazimu mwajiri kuitoa ajira inapokoma.

Kampuni ikiwa imekufa, mfilisi ndiye wa kwanza kuulizwa maadamu kazi yake haijaisha. Baada ya hapo unajenga ushahidi kutoka nje ya kampuni. Taarifa ya michango ya NSSF ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ina jina la mwajiri na mwezi baada ya mwezi, na haikutungwa na wewe. Taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia inasaidia. Karatasi za zamani zenye majina PPF, LAPF, PSPF au GEPF usizione ni batili. Mifuko hiyo minne iliunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, na slipu ya 2015 inayosema LAPF iko sahihi hivyohivyo.

Mdhamini naye anahitaji kuandikwa kwa nyakati mbili. "Meneja wa tawi, Njombe Community Bank" peke yake inampeleka mhakiki kwenye simu ya mezani isiyopokelewa. Andika alivyokuwa na alivyo: "Aliyekuwa meneja wangu Njombe Community Bank, 2014–2018, sasa yuko taasisi fulani, Makambako", kisha simu yake ya mkononi. Mpigie kwanza. Mkumbushe miaka na cheo chako, maana meneja aliyesimamia watu wengi miaka kumi iliyopita anaweza kukutaja kwa cheo kisichokuwa chako, na neno lake ndilo litakaloaminiwa.

Kwenye mifumo ya mtandaoni

Kwenye Ajira Portal, kisanduku cha jina la taasisi kijaze kwa jina lililo kwenye barua unayoambatisha, kisha jina la sasa liweke mabanoni au kwenye maelezo ya majukumu. Atakayepitia ataweka skrini na kiambatisho bega kwa bega.

LinkedIn ina tabia yake. Ukichagua kampuni kwenye orodha inayojitokeza unapoandika, kazi yako inafungwa kwenye ukurasa wa kampuni hiyo, na wenye ukurasa wakibadili jina au kuuunganisha na mwingine, jina na nembo vinavyoonekana kwako vinaweza kubadilika bila wewe kugusa kitu. Ndivyo mtu aliyeacha kazi 2015 anavyojikuta ana nembo ya 2024. Ukitaka jina la zamani libaki, liandike lote kwa mkono bila kuchagua chochote kwenye orodha. Utakosa nembo, lakini tarehe na jina vitapatana. Ukiamua kuacha nembo mpya, sentensi ya kwanza ya maelezo iseme jina lilikuwa nini wakati wako. Zima pia kitufe cha `Notify network` kabla ya kuhifadhi, usije ukapongezwa na watu hamsini kwa kazi uliyoiacha zamani. Na kama kampuni ilifungwa, hakikisha hujaacha "hadi sasa" kwenye kazi ambayo mlango wake una kufuli.

Waliokuwa chini ya wakala

Kundi hili linasahaulika, na Mbeya ni kubwa. Mtu ameuza laini na kusajili wateja Soko la Mwanjelwa miaka minne akiwa na fulana ya Tigo, lakini aliyemlipa alikuwa wakala mkuu, au kampuni ya kukodisha wafanyakazi. Mabadiliko ya Tigo kuwa Yas hayamhusu kwenye sehemu ya mwajiri. Mwajiri wake ni yule aliyesaini mkataba, na hata huyo naye anaweza kuwa amefunga duka. Aandike jina la wakala kwanza, kisha "nikihudumia Tigo (sasa Yas)". Akiandika Tigo kama mwajiri, uhakiki utafika makao makuu, utajibiwa hapana, na miaka minne ya kazi halali itahesabiwa uongo.

Hali ni hiyohiyo kwa aliyefanya kazi Tunduma au Vwawa kabla ya Januari 2016. Barua zake zinasema mkoa wa Mbeya, na mkoa wa Songwe haukuwepo. Aandike "Tunduma, Mbeya (sasa mkoa wa Songwe)", na hatalazimika kueleza chochote kwenye usaili.